Kabla Hujaligawa Darasa kwa "Aina za Akili": Mwongozo kwa Mwalimu Aliyepewa Dodoso

Dodoso lenyewe kwa kawaida ni karatasi moja au mbili. Lina sentensi fupi fupi, na mwanafunzi anatia alama ya vema pale anapoona sentensi inamhusu: "Napenda kuimba." "Napenda kufanya kazi na wenzangu." "Hesabu hunifurahisha." "Siwezi kukaa kimya muda mrefu." Mwisho alama zinajumlishwa, na mtoto anaambiwa kwamba yeye ni wa muziki, au wa mwili, au wa watu, au wa mantiki. Kama karatasi hiyo imekufikia, na umetakiwa uligawe darasa lako kwa majibu yake, tumia nusu saa kwanza kujua imetoka wapi na inaweza kukuambia nini. Mimi nitasema mapema ninakosimama: usiligawe. Sababu zake si za kubahatisha.

Tuanze na mwenye nadharia. Howard Gardner ni mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Kabla ya kujulikana duniani alifanya kazi katika hospitali moja ya Boston na wagonjwa walioumia ubongo, wengine wakiwa wamepoteza uwezo wa kusema. Kilichomshangaza ni kwamba jeraha halikufuta kila kitu kwa pamoja. Mtu aliweza kupoteza maneno akabaki na kitu kingine kizima. Mfano unaotajwa sana ni wa mtunzi wa muziki wa Urusi, Vissarion Shebalin, aliyepata kiharusi mwaka 1953 na tena mwaka 1959. Lugha yake iliharibika vibaya, akawa hawezi kuyapata maneno wala kuwaelewa watu vizuri, lakini aliendelea kutunga muziki uliosifiwa na watunzi wenzake hadi karibu na kifo chake mwaka 1963.

Kutokana na habari za namna hiyo, na nyingine kuhusu watoto wenye vipawa vya ajabu katika jambo moja tu, Gardner aliandika mwaka 1983 kwamba binadamu hana akili moja inayoweza kupimwa kwa mtihani mmoja. Alitaja akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya maumbo na nafasi, ya muziki, ya mwili, ya kuwaelewa watu, na ya kujielewa mwenyewe. Baadaye akaongeza ya nane, ile ya kutambua viumbe na mazingira asilia. Walimu waliipokea nadharia hii kwa mikono miwili, na inaeleweka. Ilikuja wakati ambapo mtoto aliyeshindwa mtihani wa kuandika alikuwa anahesabiwa mjinga basi. Hapa kwetu Afrika Mashariki imefika hadi kwenye nyaraka rasmi. Mwongozo wa mtaala wa umilisi wa Kenya wa mwaka 2017 unaitaja miongoni mwa nadharia unazozitegemea.

Sasa zingatia jambo moja ambalo dodoso halikuambii. Gardner hakusema kwamba kuna watoto wa muziki na watoto wa hesabu. Alisema kila mtu ana akili zote nane, kwa viwango tofauti, na kwamba karibu kila kazi ya maana inazitumia kadhaa kwa pamoja. Mpiga ngoma mzuri anahesabu mapigo, anautumia mwili, anawasoma wenzake. Kumpachika mtoto aina moja ni jambo lililofanywa na waliokuja nyuma yake, na yeye mwenyewe amelipinga hadharani. Katika miaka ya 1990 alipata habari za mpango mmoja wa elimu katika jimbo moja la Australia uliokuwa umeorodhesha makabila na mataifa ya watoto, pamoja na akili ambazo eti kila kundi linazo na zile linazozikosa. Alikwenda kwenye televisheni ya huko akasema waziwazi kwamba hayo hayana msingi wowote. Mwaka 2013 aliandika tena, katika gazeti la Washington Post, kwamba akili alizozitaja si mitindo ya kujifunza, na kwamba watu wamezichanganya. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kuligawa darasa kwa aina ni "nadharia ya Gardner," unaweza kumjibu kwa adabu kwamba Gardner mwenyewe hakubaliani.

Hilo lingetosha kwa dodoso. Lakini watafiti wengi wanakwenda mbali zaidi na kuuliza kama akili hizo nane kweli zinatengana. Swali hili lina historia. Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman alionyesha kwamba wanafunzi wanaofanya vizuri katika somo moja huelekea kufanya vizuri katika mengine pia, hata masomo yasiyofanana. Huo si ukweli wa kila mtoto mmoja mmoja, ni mwelekeo wa jumla, lakini umeonekana tena na tena kwa zaidi ya miaka mia moja. Kama akili zingekuwa vitu vinavyojitegemea, alama za mtoto katika msamiati zisingepaswa kukuambia lolote kuhusu alama zake katika mafumbo ya maumbo. Zinakuambia.

Mwaka 2006 watafiti watatu wa Kanada, Beth Visser, Michael Ashton na Philip Vernon, waliamua kuijaribu nadharia yenyewe. Waliwapa watu wazima 200 majaribio 16, mawili kwa kila akili kati ya zile nane. Walikuta kwamba majaribio mengi yalikwenda pamoja, hasa ya lugha, mantiki, maumbo, hata yale ya kutambua mazingira asilia. Yaliyojitenga zaidi yalikuwa ya mwili na ya muziki, ambayo watu wengi wangeyaita vipaji bila kuhitaji nadharia mpya. Gardner alijibu kwamba majaribio ya karatasi huishia kupima lugha na mantiki hata yanapodai kupima kitu kingine. Hoja yake ina uzito kiasi, na ni haki kuisema. Shida ni kwamba mwenye nadharia hakuacha vipimo vingine vilivyokubalika ambavyo vingeweza kuithibitisha au kuikanusha. Nadharia isiyopimika inaweza kumpa mtu mawazo mazuri, ila haifai kuwa msingi wa kuamua mtoto akae meza gani.

Na habari ya Shebalin? Ni ya kweli na inagusa. Lakini inahusu mtu mzima aliyetumia maisha yake yote katika muziki, ubongo wake ukaumizwa mahali fulani. Inaonyesha kwamba kazi za ubongo zinaweza kutenganishwa na jeraha. Haionyeshi kwamba mtoto mzima wa miaka kumi atajifunza jiografia vizuri zaidi akiimbiwa.

Turudi kwenye dodoso lako, tulitazame kwa karibu. Tuseme lina makundi manane, kila kundi sentensi tano. Chukua mwanafunzi wa kufikirika, tumwite Neema. Alama zake zimetoka hivi: muziki 4, watu 4, mwili 3, lugha 3, mantiki 3, maumbo 2, kujielewa 2, mazingira 1. Muziki umeandikwa juu zaidi kwenye fomu, kwa hiyo Neema anawekwa kwenye kundi la muziki. Tofauti kati ya "mtoto wa muziki" na "mtoto wa mantiki" hapa ni alama moja tu ya vema. Angejaza siku ya Jumatatu badala ya Ijumaa, baada ya mazoezi ya kwaya badala ya kabla, angeweza kuangukia kundi jingine. Vilevile sentensi zinauliza anachokipenda, si anachokiweza. Tafiti zilizolinganisha watu wanavyojikadiria akili na wanavyofanya kwenye majaribio zimekuta uhusiano upo, lakini ni dhaifu. Mtoto ni dhaifu zaidi katika hilo, kwa sababu hujilinganisha na kaka yake au na rafiki anayekaa naye dawati moja.

Hili unaweza kulihakikisha mwenyewe bila gharama. Toa dodoso leo, likusanye, lifungie kabatini. Baada ya wiki mbili toa nakala mpya bila kuwaonyesha majibu ya mwanzo. Kisha weka karatasi mbili za kila mtoto pamoja, uhesabu ni wangapi kundi lao la juu limebaki lilelile. Angalia pia wale waliotia alama kila mahali, na wale walioacha nusu ya karatasi tupu. Ukiona watoto wengi wamehama kundi, una jibu la kumpelekea mkuu wa shule, nalo limetoka darasani mwako.

Tuseme sasa, kwa ajili ya hoja, kwamba dodoso linasema kweli na makundi hayabadiliki. Bado kuna swali zito kuliko yote: je, kumfundisha mtoto kwa njia ya "akili yake" kunamfanya ajifunze zaidi? Hapa wengi huteleza, kwa sababu somo lenye wimbo lilipendeza, watoto walicheka, na alama zikapanda kidogo. Hayo hayathibitishi ugawaji. Huenda wimbo uliwasaidia wote. Huenda kilichosaidia ni kwamba mwalimu alijiandaa vizuri wiki ile.

Mwaka 2008 watafiti wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walieleza ushahidi unaotakiwa. Walikuwa wanazungumzia mitindo ya kujifunza, lakini dai la ugawaji ni lilelile, kwa hiyo kipimo chao kinafaa hapa. Wagawe watoto kwa aina, tuseme 40 wa muziki na 40 wa maumbo. Kisha ndani ya kila kundi piga kura: nusu wafundishwe kwa wimbo, nusu kwa mchoro. Baadaye wote wafanye mtihani uleule.

Fikiria matokeo mawili. Katika la kwanza, waliofundishwa kwa mchoro wanapata wastani wa 14 kati ya 20, wa wimbo wanapata 11, na hali ni hiyo katika makundi yote mawili. Maana yake ni rahisi: mchoro ni njia bora ya somo hilo, mfundishe kila mtu kwa mchoro. Kuwapanga watoto kwa aina hakukuongeza chochote. Katika la pili, watoto wa muziki wanapata 14 kwa wimbo na 11 kwa mchoro, na wa maumbo wanapata 11 kwa wimbo na 14 kwa mchoro. Matokeo yamepishana. Hali hii ya pili peke yake ndiyo inayoweza kuhalalisha kuligawa darasa. Pashler na wenzake walipopekua maandishi yaliyokuwapo walikuta tafiti chache mno zilizopangwa kwa namna hiyo, na baadhi ya zile zilizopangwa vizuri zilipingana na dai. Kuhusu akili nyingi hasa, mapitio yaliyochapishwa mwaka 2021 na Marta Ferrero na wenzake yalikuta kwamba tafiti za ufundishaji wa aina hiyo zina kasoro kubwa: wanafunzi wachache, kukosekana kwa kundi la kulinganisha lililofundishwa kitu kingine cha maana, na maelezo haba kuhusu kilichofanyika darasani. Huwezi kujenga ratiba ya shule juu ya msingi huo.

Sasa tuingie darasani na somo moja, kwa sababu hapo ndipo mambo huonekana wazi. Ni Darasa la Tano, hisabati, kujumlisha sehemu. Swali ubaoni ni 1/2 + 1/3. Watoto wengi wanaandika 2/5: wamejumlisha namba za juu, wakajumlisha na za chini. Mwalimu anayefuata dodoso anaunda vikundi. Kikundi cha muziki kinatunga wimbo wa "tafuta asili ya pamoja." Kikundi cha mwili kinaruka hatua uwanjani. Kikundi cha lugha kinaandika barua kwa rafiki kumweleza sehemu ni nini. Kipindi kinaisha kwa furaha, na kesho yake 2/5 imerudi kwenye madaftari. Wimbo ulikaa kichwani na ulikuwa sahihi, ila uliyahifadhi maneno ya kanuni bila kuonyesha kwa nini kanuni ipo.

Kosa la 2/5 lina sababu yake, na sababu hiyo haijali mtoto ni wa aina gani. Mtoto anaiona sehemu kama namba mbili zilizopangwa juu na chini, haoni kwamba ni kiasi kimoja. Anachohitaji ni kuona ukubwa. Mpe kila mmoja ukanda wa karatasi ya daftari wenye miraba sita. Nusu ya ukanda ni miraba mitatu, apake rangi. Theluthi ni miraba miwili, apake rangi nyingine. Ahesabu iliyopakwa: mitano kati ya sita, 5/6. Kisha muulize swali linalobomoa kosa: kati ya 2/5 na 1/2, kubwa ni ipi? Ukanda wa miraba kumi utamwonyesha kwamba 2/5 ni miraba minne na 1/2 ni mitano. Kumbe jibu lake la mwanzo ni dogo kuliko kimoja cha vitu alivyojumlisha. Mpe muda alisemee hilo kwa maneno yake, akimweleza jirani yake, ndipo aandike kwa tarakimu.

Hesabu njia zilizotumika: mchoro, mikono, mazungumzo, maandishi, tarakimu. Ni nyingi, na kila mtoto amepita katika zote. Zilichaguliwa na somo. Ukifundisha utenzi, sauti na mapigo ya mizani lazima yasikike, hata kwa mtoto aliyeandika kwamba hapendi muziki. Ukifundisha ramani, macho lazima yaione ramani, hata ya yule anayependa hadithi. Hili linakubaliana na ushauri wa Gardner mwenyewe wa kufundisha jambo muhimu kwa njia zaidi ya moja, na halihitaji dodoso lolote.

Kwa hiyo muda uliotaka kuutumia kwenye dodoso, utumie kwa maswali matano ya kuanzia mada. Yaandike ili kila jibu la kosa likuonyeshe kosa gani. Kwa sehemu, moja liwe la kupaka rangi theluthi, jingine la kulinganisha 1/3 na 1/4, kwa sababu mtoto anayesema 1/4 ni kubwa anakuambia wazi kwamba anatazama nne na tatu tu. Ukipenda vikundi, vipange kwa majibu hayo, vya siku mbili au tatu, kisha vivunje. Kikundi cha "wanaohitaji kulinganisha sehemu" kinaisha watoto wakishaelewa. Kikundi cha "watoto wa mwili" hakina siku ya kuisha, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Hatari hiyo ina sura mbili nilizo na uchungu nazo. Ya kwanza ni kufungiwa mlango. Mtoto aliyeambiwa akili yake si ya hesabu ana sababu nzuri ya kuacha kujaribu, na mwalimu wake ana sababu nzuri ya kumpa kazi nyepesi. Kwa nchi ambayo wanafunzi huchagua mikondo ya masomo wakiwa bado wadogo, lebo ya Darasa la Tano inaweza kufika mbali. Ya pili ni kufichwa kwa tatizo halisi. Mtoto asiyetulia na asiyependa kusoma huandikwa "wa mwili," mambo yakaishia hapo, kumbe haoni ubaoni, au sikio moja lina usaha, au bado hajui kusoma silabi. Kabla hujamwita mtoto aina yoyote, mkalishe mbele, msomeshe aya fupi kwa sauti mkiwa wawili tu, simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Ukiona shaka, mzazi aelezwe ampeleke kituo cha afya. Mahitaji ya mtoto asiyeona au asiyesikia ni ya kweli, yanapimika, na hayahusiani hata kidogo na mjadala huu.

Wala usielewe kwamba muziki, michezo na uchoraji viondoke shuleni. Viwe na vipindi vyao kamili, vifundishwe kwa uzito wake kama ngoma, soka na uchoraji, na mtoto mwenye kipaji apate mwalimu wa kukikuza. Kuvitumia kama dawa ya kumezea hisabati kunavidhulumu vyenyewe na hisabati pia.

Mzazi akikuuliza mwanawe ni wa akili gani, mwambie anachokijua na asichokijua: "Sasa hivi analinganisha sehemu vizuri, bado hajui kuzijumlisha, tunalifanyia kazi wiki hii." Na kama dodoso limeshajazwa shuleni kwako, futa majina ya makundi kwenye taarifa za wanafunzi kabla hazijapelekwa kwa mwalimu wa mwaka ujao.